Bwawa Linavuja au Maji Yanageuka Mvuke? Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Uvukizaji kwa Namba ya Lewis

Mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshika, niliitwa kwenye nyumba moja ya Malindi kutazama bwawa la kuogelea lililokuwa likipungua maji. Bwawa lina urefu wa mita 10, upana wa mita 6, na kina cha wastani cha mita 1.5. Kwa siku tatu ambazo hakuna mtu aliyeogelea na mvua haikunyesha, maji yalishuka milimita 27, yaani milimita 9 kwa siku. Msimamizi wa nyumba alikuwa na jibu lake tayari: "Fundi, hiyo ni kaskazi tu. Hapa kwetu upepo unakunywa maji." Upepo unakunywa maji kweli, wala sikumbishia. Nilichotaka kujua ni kiasi gani, kwa sababu kuchimbua sakafu ya bwawa kutafuta ufa usiokuwapo ni hasara, na kuacha ufa uliopo ukinyonya maji matamu kila siku ni hasara kubwa zaidi.

Mwongozo huu unaeleza nilivyolipata jibu kwa kipimajoto, kipima unyevu, kipima upepo cha mkononi, rula na kikokotoo cha simu. Njia yenyewe hutumika kwa birika la wazi, kwa kisima kipana na hata kwa mashamba ya chumvi, kwa sharti kwamba msomaji aelewe mahali inapokoma kusema kweli.

Kwa nini joto linaweza kutuambia habari za mvuke

Juu kabisa ya maji pana tabaka jembamba la hewa ambalo karibu limesimama, kwa kuwa limeshikana na maji. Mvuke unaotoka majini lazima ulipenye tabaka hilo kabla haujachukuliwa na upepo. Joto nalo, likitoka hewani kwenda majini au majini kwenda hewani, hupita katika tabaka lilo hilo. Upepo ukiongezeka, tabaka hukonda, na vyote viwili hupita kwa wepesi zaidi. Hii ndiyo sababu mtu anayejua jinsi joto linavyohama juu ya uso fulani anaweza kukisia jinsi mvuke unavyohama juu ya uso huohuo, bila kuupima mvuke wenyewe. Milinganyo ya uhamisho wa joto juu ya bapa imejaribiwa kwa miaka mingi, nasi tunaiazima.

Hata hivyo, joto na mvuke havisambai kwa kasi moja sawasawa. Katika hewa ya nyuzi joto 29, kasi ya kusambaa kwa joto ni takriban 2.23 × 10⁻⁵ m²/s, na ya mvuke wa maji ni takriban 2.6 × 10⁻⁵ m²/s. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 0.86, na uwiano huo ndio namba ya Lewis, iliyopewa jina la mhandisi wa kemia wa Marekani, Warren K. Lewis. Kwa kuwa ni chini ya 1, inatuambia kwamba mvuke wa maji husambaa hewani kwa wepesi kidogo kuliko joto. Thomas Chilton na Allan Colburn walionyesha mwaka 1934 jinsi ya kuitia tofauti hiyo katika hesabu kwa kipeo cha 2/3, na mlinganyo wao ndio tutakaoutumia.

Hatua ya kwanza: kupima yale manne yanayohitajika

Unahitaji joto la uso wa maji, joto la hewa, unyevu wa hewa na kasi ya upepo. Katika hayo, joto la uso wa maji ndilo linalostahili uangalifu mwingi kuliko yote, na ndilo watu hulipima vibaya. Usizamishe kipimajoto mpaka chini ya bwawa. Kilaze juu ili ncha yake iwe chini kidogo tu ya uso, kisha ukikinge na jua kwa kiganja au kipande cha ubao, kwa maana jua likipiga ncha moja kwa moja utasoma joto la jua badala ya joto la maji. Rudia mahali patatu au pane, pa kivuli na pa jua, uchukue wastani.

Joto na unyevu wa hewa hupimwa kivulini, upande upepo unakotoka, kabla upepo haujapita juu ya maji. Ukisimama upande wa pili utapima hewa ambayo tayari imebeba mvuke wa bwawa lenyewe.

Upepo upime karibu na maji. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo kwenye mlingoti wa mita 10, na huko juu upepo una nguvu kuliko uwanjani kwako. Kwa makisio ya mahali pa wazi, upepo wa mita 4 kwa sekunde kwenye mlingoti huwa takriban mita 2.9 kwa sekunde kwa kimo cha mita moja, na palipo na ukuta au miti hupungua zaidi. Mimi nilikishika kipimo kimo cha mita moja, nikaandika kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa nzima.

Mchana nilipata maji nyuzi 28, hewa nyuzi 30, unyevu asilimia 70 na upepo mita 2.9 kwa sekunde, ukivuma kwa urefu wa bwawa. Usiku nilipata maji nyuzi 28 vilevile, kwa kuwa kina cha mita 1.5 hakibadiliki joto upesi, hewa nyuzi 26, unyevu asilimia 85 na upepo mita 1.5 kwa sekunde.

Hatua ya pili: kugeuza unyevu kuwa uzito wa mvuke

Asilimia ya unyevu haiwezi kuingia moja kwa moja katika hesabu. Tunachohitaji ni gramu ngapi za mvuke zimo katika kila mita ya ujazo ya hewa, mahali pawili: palipogusana na maji, na katika hewa ya upepo iliyo mbali na maji. Hewa iliyogusana na maji huchukuliwa kuwa imejaa mvuke kabisa kwa joto la uso wa maji. Majedwali ya mvuke yanatoa shinikizo la mvuke uliojaa kuwa paskali 3,782 kwa nyuzi 28, paskali 4,246 kwa nyuzi 30, na paskali 3,363 kwa nyuzi 26. Gawa shinikizo kwa 461.5, namba ya kudumu ya mvuke wa maji, halafu kwa joto lililohesabiwa kwa kelvini, yaani nyuzi ukiongeza 273.15, upate kilo kwa mita ya ujazo.

Usoni pa maji: 3,782 gawa kwa 461.5, gawa kwa 301.15, ni kilo 0.02721, yaani gramu 27.2. Katika hewa ya mchana kwanza tunachukua asilimia 70 ya 4,246, ambayo ni paskali 2,972, na kwa nyuzi 30 inatoa gramu 21.2. Tofauti ni gramu 5.97 kwa kila mita ya ujazo, na tofauti hii ndiyo inayousukuma mvuke kutoka majini.

Sasa tazama usiku. Asilimia 85 ya 3,363 ni paskali 2,859, sawa na gramu 20.7. Tofauti yake na uso wa maji ni gramu 6.5, kubwa kuliko ya mchana. Wengi hushangaa hapa, maana kipimo kimepanda kutoka 70 hadi 85 na mtu anahisi hewa imelowa. Lakini asilimia inaeleza hewa imejaa kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake wa kubeba mvuke kwa joto lile, na hewa iliyopoa ina uwezo mdogo. Kwetu pwani, ambako hewa inatoka baharini mchana na usiku, uzito wa mvuke wenyewe unaweza kubadilika kidogo sana huku asilimia ikipanda na kushuka. Kwa hiyo yeyote anayedhani kwamba bwawa halipungui usiku kwa sababu ya umande atakosea hesabu yake kwa karibu asilimia 40.

Hatua ya tatu: kutoka kwenye upepo hadi kwenye uhamisho wa joto

Milinganyo yote inayohitajika ni hii:

```
Re = u * L / nu
Nu = 0.037 * Re^0.8 * Pr^(1/3)
h  = Nu * k / L
hm = h / (rho * cp * Le^(2/3))
E  = hm * (rho_s - rho_a)
```

Hapa Re ni namba ya Reynolds, Nu ni namba ya Nusselt, Le ni namba ya Lewis, rho_s na rho_a ni uzito wa mvuke usoni pa maji na hewani tulioupata katika hatua ya pili, na E ni uvukizaji. Herufi u ni kasi ya upepo na L ni urefu wa maji kuufuata upepo, yaani mita 10. Mnato wa hewa nu ni 1.6 × 10⁻⁵ m²/s, namba ya Prandtl Pr ni 0.71, na uwezo wa hewa kupitisha joto k ni 0.026. Msongamano wa hewa rho ni kilo 1.16 kwa mita ya ujazo, na cp, yaani juli zinazohitajika kupasha kilo moja ya hewa kwa nyuzi moja, ni 1,007. Thamani hizi ni za hewa ya nyuzi 29 hivi, ambao ndio wastani wa joto la maji na la hewa mchana. Kwa usiku wastani ni nyuzi 27, na mabadiliko ni madogo mno kwa kazi hii.

Kwa mchana, namba ya Reynolds ni 2.9 mara 10, gawa kwa mnato, jibu takriban 1,810,000. Mlinganyo wa pili unafaa kati ya 500,000 na 10,000,000 kwa upepo unaovurugika tangu ukingoni, nao unavurugika kweli, maana ukingo wa bwawa umeinuka na kuzungukwa na mawe. Namba ya Nusselt inatoka takriban 3,350, na uhamisho wa joto h ni wati 8.7 kwa mita ya mraba kwa kila kelvini.

Hatua ya nne: namba ya Lewis inapoingia

Msongamano mara cp ni 1,168. Namba ya Lewis 0.86 ikipandishwa kwa kipeo cha 2/3 ni 0.904. Zidisha upate 1,056. Gawa 8.71 kwa 1,056 na utapata uhamisho wa mvuke hm wa mita 0.00825 kwa sekunde. Unaweza kuifikiria kama kasi ambayo mvuke unaondolewa usoni pa maji, nayo ni milimita 8 na kidogo kwa kila sekunde.

Zidisha kasi hiyo kwa tofauti ya kilo 0.00597. Jibu ni kilo 0.0000493 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, sawa na kilo 0.177 kwa saa. Kwa kuwa kilo moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ina kina cha milimita moja, hiyo ni milimita 0.177 kwa saa, na kwa saa 12 za mchana ni milimita 2.1. Usiku upepo umepungua, na kwa kuwa h hufuata kasi ya upepo kwa kipeo cha 0.8, inashuka hadi asilimia 59 ya ile ya mchana, ingawa tofauti ya mvuke imepanda kwa asilimia 9. Usiku unatoa milimita 0.114 kwa saa, milimita 1.4 kwa saa 12. Jumla ya mchana na usiku ni milimita 3.5, ambayo kwa bwawa la mita za mraba 60 ni lita 210.

Kosa linalorudiwa sana katika hatua hii ni kugeuza uwiano wa Lewis juu chini, kwa kuwa vitabu vingine huuandika hivyo. Jikague namna hii: kwa mvuke wa maji hewani, namba ya Lewis lazima iongeze uvukizaji ukilinganisha na kuichukua kuwa 1. Ukiichukua kuwa 1, hesabu ya mchana inapungua kwa karibu asilimia 10, jambo ambalo kwa kazi ya haraka linavumilika. Ukiigeuza juu chini, upungufu ni takriban asilimia 18, nao unatosha kukufanya uone ufa usiokuwapo.

Hatua ya tano: kuuliza joto linatoka wapi

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo inayotenganisha hesabu na ubashiri. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke kwa nyuzi 28 inahitaji kilojuli 2,435 hivi. Kwa uvukizaji wetu wa mchana, hiyo ni wati 120 kwa kila mita ya mraba. Hewa ina joto zaidi ya maji kwa nyuzi 2, kwa hiyo inaleta 8.7 mara 2, wati 17 tu. Zilizobaki, wati 103, lazima zitoke penginepo. Kama zingetoka kwenye maji yenyewe kwa siku nzima, bwawa lingepoa kwa nyuzi 1.4 kila siku. Halikupoa, kwa hiyo jua ndilo linalozilipa, na jua la pwani, ukiligawa kwa saa 24, huleta zaidi ya wati 200 kwa mita ya mraba kabla ya kutoa linaloakisiwa na joto linalopotea kuelekea angani. Hesabu inakaa. Kama ningepata uvukizaji wa milimita 15 kwa siku, ningehitaji zaidi ya wati 400 usiku na mchana, na hapo ningejua kwamba nimekosea kipimo hata kabla ya kutafuta ni kipi.

Kwa sababu hiyohiyo usikisie joto la uso. Kama ningeandika nyuzi 30 badala ya 28, nikiamini kwamba maji yana joto sawa na hewa, tofauti ya mvuke mchana ingetoka gramu 5.97 hadi gramu 9.1, na uvukizaji ungepanda kwa zaidi ya nusu. Nyuzi mbili tu za kipimajoto zina uzito kuliko namba ya Lewis na mnato wa hewa vikiwekwa pamoja.

Hatua ya sita: kulinganisha na maji yenyewe

Milinganyo ya aina hii inaweza kukosea kwa asilimia 25 hata vipimo vikiwa safi. Kwa hiyo milimita zangu 3.5 zisomwe kama kati ya 2.6 na 4.4. Bwawa lilikuwa likishuka milimita 9, na hakuna namna ya kuzinyoosha namba hizi zikakutana.

Hata hivyo niliweka shahidi wa pili. Nilijaza ndoo maji ya bwawa, nikaiweka kwenye ngazi ya kwanza ndani ya bwawa, ikiwa na mawe ya kuizuia, ili maji ya ndani yawe na joto lilelile la nje. Nikayafikisha karibu kabisa na mdomo, kwa maana ukingo mrefu ungekinga upepo, kisha nikatia alama ndani ya ndoo na ukutani pa bwawa. Usiiweke ndoo juu ya sakafu ya jua, kwani itapata joto kuliko bwawa na kuvukiza zaidi. Hata beseni kubwa la chuma la vituo vya hali ya hewa, lenye kipenyo cha mita 1.21, huvukiza kuliko ziwa lililo karibu nalo, na ndiyo maana usomaji wake huzidishwa kwa takriban 0.7. Baada ya siku tatu ndoo ilikuwa imeshuka milimita 11, na bwawa milimita 27 tena. Ndoo ilisema milimita 3.7 kwa siku, hesabu ikasema 3.5.

Tofauti kati ya 9 na 3.7 ni milimita 5.3, sawa na lita 318 kwa siku, karibu mitungi 16 ya lita 20. Tulizima pampu tukaacha maji yashuke. Yalishuka kwa kasi ileile mpaka usawa wa tundu la taa ya ndani ya maji, kisha kasi ikapungua na kubaki ile ya ndoo. Mpira wa tundu hilo ulikuwa umekauka na kupasuka.

Mahali hesabu hii inapokoma

Uwanja uliofungwa pande zote, kama nyua za ndani za nyumba za mawe za Lamu, hauna upepo wa kutosha kwa mlinganyo wa Nusselt tulioutumia. Hapo mchana hewa iliyogusana na maji ya nyuzi 28 ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyo juu yake, ingawa mvuke ni mwepesi kuliko hewa, kwa hiyo hutulia juu ya maji kama kifuniko na uvukizaji hupungua sana. Usiku, hewa ikishapoa kuliko maji, kifuniko huondoka na hewa nyevu hupanda yenyewe. Hali hiyo inataka mlinganyo wa hewa inayosogezwa na uzito wake, si wa upepo.

Maji ya chumvi nayo yanahitaji marekebisho kabla ya hatua ya pili kuisha. Maji ya bahari hupunguza shinikizo la mvuke kwa asilimia 2 tu, na kwa bwawa haina maana. Lakini katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, maji yaliyokolea mpaka chumvi inaanza kuganda hubaki na shinikizo la takriban asilimia 75 ya lile la maji matamu. Kwa nyuzi 28, gramu 27.2 zinakuwa 20.4, chini ya gramu 21.2 zilizomo hewani mchana ule, na maji hayo yangevuta mvuke kutoka hewani badala ya kuutoa. Ni lazima jua liyapashe zaidi ya nyuzi 28.7 hivi ndipo uvukizaji uanze tena. Mfanano wa joto na mvuke unabaki vilevile, na hm haibadiliki kwa sababu ya chumvi. Kinachobadilika ni rho_s peke yake.

Baada ya mpira mpya kutiwa kwenye tundu la taa, niliirudisha ndoo kwenye ngazi kwa siku tatu nyingine za kaskazi. Ndoo ilishuka milimita 10, na bwawa milimita 11.